Niulizie, Usinipe: Adabu ya Kuomba Kutambulishwa



Sentensi "Nipe namba ya shangazi yako" haina kosa la sarufi. Kitenzi kimekaa mahali pake, kiambishi cha mtendewa kiko sawa, na ngeli zimepatana. Hata hivyo, ni miongoni mwa sentensi zinazomtia rafiki katika dhiki, na mara nyingi anayeitamka hana habari. Leo nataka kutetea hoja moja: mtu anayetaka kufahamiana na mtu mwingine kupitia kwa rafiki yake asiombe kupewa, aombe kuuliziwa. Tofauti baina ya vitenzi hivyo viwili ni ndogo kwa herufi, lakini kwa rafiki aliye katikati ni kubwa sana.

Nimechagua mfano unaowagusa wengi wenu. Tangu mwaka 2005, katiba yetu ya Uganda inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kwa hiyo kila mwaka nawaona vijana wa kidato cha sita wakitafuta mtu anayeishi kwa kazi ya lugha hii ili wamuulize kabla ya kujaza fomu za chuo. Tuseme mwanafunzi mmoja anataka kusomea ukalimani, yaani kazi ya kuhamisha maneno ya msemaji kwa mdomo, tofauti na tafsiri ambayo hufanywa kwa maandishi. Yeye mwenyewe hamjui mkalimani hata mmoja. Lakini anakumbuka kwamba rafiki yake wa darasani aliwahi kusema kuwa shangazi yake huifanya kazi hiyo katika mikutano. Afanye nini?

Kabla ya kujibu, tutazame kwanza hali ya yule rafiki. Yeye ndiye asiyefikiriwa. Anayeomba ana shida yake, na shangazi ana uamuzi wake, lakini rafiki anabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Akikataa, huenda akaonekana mchoyo mbele ya mwenzake wa dawati. Akikubali, anaweka heshima yake rehani mbele ya mtu mzima wa nyumbani kwao, kwa ajili ya mazungumzo ambayo hatakuwapo kuyasimamia. Mwenzake akipiga simu usiku wa manane, au akiomba fedha, shangazi hatasema, "Yule kijana hana adabu." Atasema, "Wewe ndiye uliyempa namba yangu." Zaidi ya hayo, namba ile si mali ya rafiki. Aliipewa kwa sababu yeye ni mtoto wa kaka, si kwa sababu ni mtunza daftari la namba.

Hapa somo la uraia linaingia. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na msingi wake mmoja ni kwamba taarifa za mtu zisikusanywe wala kutumiwa bila ridhaa yake, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Simwiti mwanafunzi anayeomba namba mvunja sheria. Nasema tu kwamba wazo lililomo katika sheria hiyo ni jema hata kwa marafiki wawili wanaozungumza chini ya mti: mwenye namba ndiye wa kuulizwa kwanza.

Wapo watakaoniambia kwamba huu ni ubaridi wa kigeni, kwamba sisi ni ndugu na mlango wa ndugu haubishwi. Siwaungi mkono. Mila zetu zilikuwa na mtu wa kati zamani sana, nazo zilimlinda vizuri. Waswahili wana mshenga, ambaye hupeleka posa upande wa pili na kuleta jibu. Kazi yake ni kubeba maneno, na yule anayeposa hajitokezi ghafla sebuleni kwa watu. Jibu likiwa ni hapana, linamfikia polepole kupitia kwa mshenga, na hakuna aliyeaibishwa hadharani. Ndiyo maana tukasema kwamba mjumbe hauawi. Kwa Waganda, siku ya kwanjula ina wasemaji wa pande mbili na shamrashamra nyingi, lakini kabla ya siku hiyo hufanyika ziara ndogo kwa shangazi wa binti, na mambo hukubaliwa kwa faragha. Hakuna anayekwenda mbele ya ukoo mzima na vikapu vya zawadi huku hajui kama atapokewa. Wazee walielewa kwamba swali huulizwa kwanza mahali ambapo hapana haimgharimu mtu.

Basi, turudi kwa mwanafunzi wetu. Kuna jambo moja la kutanguliza: ajue rafiki na shangazi wana ukaribu gani. Watu wengine hutaja jamaa zao kwa fahari ilhali hawajazungumza nao kwa miaka miwili. Swali jepesi, "Huwa mnaongea mara kwa mara?" linatosha. Jibu likiwa ni kwamba hukutana misibani tu, huyo si mlango wa kupitia, na ni vizuri kuliacha jambo hapo kabla halijawa ombi.

Ikiwa ukaribu upo, aombe faraghani, si katika kundi la darasa ambako watu arobaini watasoma na kusubiri kuona rafiki atajibu nini. Mbele ya watu, ndiyo ya rafiki haina thamani, kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kusema lingine. Nashauri pia aandike ujumbe badala ya kumkabili ana kwa ana. Uso kwa uso, rafiki analazimika kujibu papo hapo. Kwa ujumbe, anapata muda wa kufikiri na kuchagua maneno yake. Tazameni jinsi ujumbe huo unavyoweza kuandikwa:

"Habari za jioni, rafiki yangu. Nina jambo la kukuuliza, nawe una uhuru kamili wa kulikataa. Nakumbuka ulisema kwamba shangazi yako ni mkalimani. Mwezi ujao ninajaza fomu ya chuo, na ningependa kumuuliza mtu wa kazi hiyo maswali matatu. Je, ungeona uzito kuniulizia kwake kama anaweza kunipa dakika kumi na tano kwa simu? Siombi namba yake mpaka yeye mwenyewe aridhie, wala siombi kazi. Nimeandika ujumbe mfupi ambao unaweza kumpelekea, au ukaubadilisha upendavyo. Ukiona haifai, niambie tu 'haitawezekana'; huna haja ya kunieleza sababu. Nikifika tarehe 30 bila jibu nitaelewa hivyo hivyo, na nitatafuta njia nyingine."

Someni tena sentensi yenye neno "kuniulizia". Kitenzi "uliza" kimeongezewa kauli ya kutendea, kikawa "ulizia", yaani kuuliza kwa niaba ya mtu. Anayesema "nipe" anataka kitu kihame kutoka mkono wa rafiki na kufika mkononi mwake, na kikishahama hakirudi. Anayesema "niulizie" anataka swali lipelekwe, na uamuzi ubaki kwa shangazi. Rafiki sasa si mtoa mali ya mwenzake. Amekuwa mjumbe tu. Hata shangazi akikataa, rafiki hajamnyima mtu kitu. Hiyo ndiyo nafuu ya kwanza anayoipata.

Nafuu ya pili imo katika maneno "ungeona uzito". Kiambishi -nge- kinaliweka jambo katika dhana, kana kwamba bado halijaombwa. Aidha, swali limeelekezwa kwenye ugumu wa jambo, halikuelekezwa kwenye moyo wa rafiki. Ukimuuliza mtu, "Utanisaidia?" na akajibu hapana, amekiri kwamba hataki kusaidia. Ukimuuliza, "Ungeona uzito?" na akajibu ndiyo, ametaja tu uzito wa jambo, na urafiki haukuguswa. Kiswahili kinatupa mlango huu wa heshima, na ni hasara kuufunga.

Nafuu ya tatu ni ile tarehe. Wengi wanaona ajabu kumwambia mtu mapema kwamba kimya chako nitakielewa. Lakini katika jamii zetu watu wengi huona vigumu kutamka hapana kwa rafiki. Ukimpa tarehe ambayo baada yake kimya kinakuwa jibu, umempa njia ya kukataa bila kusema neno. Tarehe hiyo iwe na sababu ya kweli, kama vile siku ya kurudisha fomu, isije ikafanana na amri ya mkopeshaji.

Linganisheni na ujumbe wa aina nyingine ambao nimeuona mara nyingi: "Wewe ndiwe tumaini langu pekee, najua hutaniangusha." Mwandishi wake anadhani anamsifu rafiki. Kwa kweli anamfungia njia zote za kutokea. Akisema hapana, amevunja tumaini la mtu na kuuangusha urafiki kwa pamoja. Ombi la namna hiyo mara nyingi hupata ndiyo, lakini ni ndiyo ya kinyongo. Nanyi mtaijua kwa dalili zake: rafiki anakubali haraka, kisha anaanza kukukwepa.

Sasa tuutazame ule ujumbe mfupi wa kupelekwa kwa shangazi. Kwa nini anayeomba auandike mwenyewe? Kwa sababu asipouandika, rafiki ndiye atakayelazimika kutunga maelezo ya shida asiyoijua vizuri, na shangazi akiuliza, "Anataka nini hasa?" hatakuwa na jibu. Kazi ya kueleza shida ni ya mwenye shida. Ujumbe huo uwe mfupi kiasi kwamba mtu ausome akiwa amesimama:

"Shikamoo, Shangazi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, nasoma darasa moja na mwanao aliyekuletea ujumbe huu. Ninafikiria kusomea ukalimani, na ningefurahi kukuuliza mambo matatu: kama shahada ya lugha inatosha au kuna mafunzo mengine ya lazima; ni lugha zipi zinazohitajika pamoja na Kiswahili; na kama kazi hupatikana mwaka mzima au kwa misimu. Ninaomba dakika kumi na tano kwa simu, siku na saa utakayopenda. Ikiwa una shughuli nyingi, nitaelewa, na nakushukuru kwa kuusoma ujumbe huu."

Maswali yametajwa waziwazi, na hilo linamtuliza rafiki kuliko ahadi yoyote ya tabia njema. Hofu yake kubwa ilikuwa kutojua mwenzake atasema nini. Sasa ameyasoma maneno yenyewe kabla ya shangazi. Pia ombi linahusu maarifa tu, jambo ambalo shangazi anaweza kulitoa bila kumwendea mtu mwingine. Neno "Shangazi" limekopwa kutoka kwa rafiki, na mkopo huo unakubalika kwetu, kwani rafiki wa mtoto huhesabiwa kuwa mtoto. Lakini ikiwa rafiki atasema, "Huyu tunamwita Mama," fuateni anavyosema. Yeye ndiye anayejua salamu za nyumba yao.

Baada ya kutuma, hatua ngumu ni kusubiri. Mgeni hubisha hodi mara tatu, na asipoitikiwa huondoka zake. Kwa jambo hili mimi naona mara moja inatosha, kwa sababu rafiki amekwisha kusikia. Hayuko chumba cha ndani. Mkikutana naye darasani, msimtazame kwa macho ya kudai. Akisema, "Nitaona," au "Ngoja kwanza," au "Siku hizi ana mambo mengi," kisha akageuza mazungumzo, jueni kwamba mmekwisha kujibiwa. Jibuni, "Hakuna tatizo, asante kwa kunifikiria," na mrudi kwenye soga za kawaida siku hiyo hiyo. Rafiki ataupima ukweli wa maneno yenu, "una uhuru wa kulikataa", kwa jinsi mtakavyokuwa baada ya yeye kukataa.

Tuseme shangazi amekubali, na ametoa namba yake apigiwe Alhamisi saa kumi na moja jioni. Wengi hudhani kwamba hapa kazi ya adabu imekwisha. Mimi naona ndipo rafiki alipo hatarini zaidi. Mwanafunzi apige saa ile ile. Aulize maswali matatu aliyoyataja, na ifikapo dakika ya kumi na tano aseme, "Shangazi, muda niliouomba umekwisha." Shangazi akitaka kuendelea, hiyo ni hiari yake. Lililo baya ni kuingiza ombi la nne ambalo halikuwamo katika ujumbe, kwa mfano, "Basi nitafutie nafasi ya kujifunza kazi katika mkutano ujao." Ombi hilo huenda likawa jema kwa wakati wake, lakini rafiki hakulipeleka. Likipita kwa jina lake bila yeye kujua, amegeuzwa kuwa mlango wa nyuma, na atalisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa shangazi.

Baada ya simu, jioni ile ile, rafiki aandikiwe mistari miwili: "Nimezungumza na Shangazi, tumemaliza kwa wakati. Amenieleza kwamba lugha mbili hazitoshi, kwa hiyo nitaongeza Kifaransa. Asante kwa kuniulizia." Taarifa hii si mapambo. Kwa siku kadhaa rafiki amekuwa akijiuliza mambo yamekwendaje, na ni haki yake kujua. Mtu anayetumia daraja kisha akapita bila kugeuka humfanya mwenye daraja alivunje kabla ya mpita njia mwingine kufika.

Kuna mahali ambapo hoja yangu yote inakoma. Tuseme shangazi huyo huyo yumo katika jopo linalochagua wanafunzi wa chuo unachokiomba. Hapo usiombe kutambulishwa, hata kwa maneno matamu kiasi gani. Mbele ya mtu atakayeamua juu yako, mazungumzo ya faragha kupitia ndugu yake yanakuwa mbegu ya upendeleo, na rafiki ndiye anayeipanda. Atajua kwamba amemweka shangazi yake katika hali mbaya, na wenzenu wasio na shangazi kama huyo watakuwa wamedhulumiwa. Jiulizeni swali moja: je, huyu mtu atanipa maarifa, au atanipa uamuzi? Akiwa wa maarifa, mpitieni rafiki. Akiwa wa uamuzi, pitieni dirisha lile lile wanalopitia watu wote.

Pingamizi moja limebaki, nalo naliheshimu. Mwanafunzi mmoja huuliza, "Mwalimu, je, nikitoa nafasi zote hizi za kukataa, si nitakataliwa kila mara?" Ni kweli, atakataliwa wakati mwingine ambapo ombi la nguvu lingefaulu. Lakini rafiki aliyebanwa hupeleka ombi kwa uvivu: "Kuna mtu anasumbua, anataka kuongea na wewe." Aliyekubali kwa hiari hupeleka kwa moyo: "Shangazi, huyu mwenzangu ni mtu makini, naomba umsikilize." Thamani ya kutambulishwa imo katika sentensi hiyo ya pili, na hakuna anayeweza kumlazimisha rafiki aitamke. Ndiyo maana nasema kwamba uhuru wa rafiki ni faida ya mwombaji pia.

Kwa juma hili, zoezi lenu ni hili. Chagueni mtu mmoja ambaye mngependa kumuuliza jambo, na rafiki mnayeweza kumpitia. Andikeni ujumbe mbili, wa rafiki usiozidi maneno mia moja na wa yule mtu usiozidi maneno themanini, mkitumia "niulizie" na kiambishi -nge- walau mara moja. Kisha badilishaneni madaftari, na kila mmoja ajaribu kuandika jibu la kukataa. Mwenzako akiliandika kwa sentensi moja bila kuona haya wala kutunga uongo, ujumbe wako uko tayari kutumwa.